Picha nne za asubuhi ya mtoto: kwa mdomo wanasimulia vizuri, wakishika penseli wanaharibu. Kwa nini?

#1 Chaki Nyeupe
Wakuu, habari zenu. Nafundisha darasa la pili, shule ya serikali, watoto wengi kuliko madawati. Tuko kwenye kuandika habari fupi kwa kufuata picha. Nimechora picha nne kwenye manila: mtoto anaamka, anaoga, anakunywa chai, anakwenda shule na begi mgongoni. Pembeni ya ubao nimewaandikia maneno matatu ya kuwasaidia: kwanza, kisha, mwisho.

Kwa mdomo hakuna shida. Mtoto anakuja mbele, anashika fimbo, anaonyesha picha moja moja na kusimulia mpaka wenzake wanacheka. Wakikaa kuandika napata kitu kama hiki. Nimenakili kutoka kwenye daftari la mmoja wao bila kusahihisha:

kwaza mtoto anaamka
alafu mtoto anaoga
alafu mtoto anakuya chai
alafu mtoto anaeda shule
mwisho

Hilo "mwisho" limekaa peke yake chini na limepigiwa mstari. Wengi wamefanya vivyo hivyo. Wengine wameyanakili maneno yote matatu juu ya ukurasa kama kichwa cha habari, halafu hawakuyagusa tena. Tatizo ni picha, ni maneno, au ni mimi? Waliowahi kufundisha madarasa ya chini naomba mnisaidie.

#2 Dereva wa Noah
Huyo aliyepiga mstari chini ya "mwisho" kaangalia filamu nyingi zilizotafsiriwa. Mpe vema, amemaliza kazi yake.

#3 Bibi Shamba
Mwalimu, asubuhi ya watoto wa siku hizi imeharibiwa na televisheni. Mlaze saa 2 usiku, ataamka mwenyewe na kuoga bila kelele. Wajukuu zangu nimewafanyia hivyo.

#4 Dereva wa Noah
Shikamoo bibi. Mwalimu anauliza namna ya kuandika habari za asubuhi, sio namna ya kuwaamsha.

#5 Bibi Shamba
Marahaba. Hata kuandika, aliyelala vibaya haandiki.

#6 Penseli Butu
Mwalimu, mbona jibu liko wazi? Umewapa picha nne na maneno matatu. Picha ya nne mtoto ataipa neno gani? Lazima arudie. Weka "kwanza, pili, tatu, mwisho", kila picha na neno lake chini yake. Mimi nawafundisha hivyo na daftari zinapendeza.

#7 Kalamu ya Mwanzi
Nilikuwa chuo cha ualimu muda mrefu kabla ya kustaafu, kazi za namna hii nimezisahihisha nyingi sana.

Penseli Butu (#6) ameona jambo la kweli, kwamba hesabu ya maneno na picha haikulingana. Ila dawa yake inaleta ugonjwa mwingine. "Pili" na "tatu" ni maneno ya kuorodhesha sababu au hoja. Hakuna mtoto anayerudi nyumbani akasimulia "pili nilioga, tatu nikanywa chai". Ukimlazimisha, utapata mistari iliyopangika ambayo haisimulii kitu.

Sasa tuangalie hilo "mwisho". Mtoto wa miaka saba amelisikia wapi? Kwenye hadithi, likisemwa mwishoni peke yake, kisha watu wanainuka. Kwake ni alama ya kufunga, kama nukta kubwa. Hajawahi kulisikia likifungua sentensi. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: mwite, funika picha, muulize, "Mwisho, mtoto alifanya nini?" Akijibu "alikwenda shule", basi maana anayo, kilichobaki ni kumzoesha kulisikia mwanzoni mwa sentensi kabla hujamtaka aliandike. Akikutazama tu, usimpe penseli kwanza.

Jambo la pili ni "mtoto, mtoto, mtoto, mtoto". Hiyo si habari. Ni majibu manne ya swali moja: "Anafanya nini?" Ndilo swali tulilowauliza darasa la kwanza kwa kila picha kitabuni. Mtoto ameona visanduku vinne, akajibu mara nne.

#8 Mwana wa Pangani
Naomba niingie kwa lugha, maana ualimu sina. Nyinyi mnahangaika na kwanza na kisha wakati Kiswahili kina chombo chake. Sikiliza bibi yeyote wa pwani anavyosimulia: "Asha aliamka, akaoga, akanywa chai, akaenda shule." Hiyo "ka" ndiyo inayobeba mfuatano wote. Kila kitenzi kinasema chenyewe kwamba kimekuja baada ya kile cha nyuma. Ukiongeza "kisha" na "halafu" kila mahali unamvisha mtu kofia mbili.

Hawa watoto wanayajua haya tangu hawajaota meno ya mbele. Aliyewanyang'anya ni mwalimu, alipouliza "anafanya nini". Ukiuliza kwa "ana", utajibiwa kwa "ana", na "ka" haikai hapo. Ni nadra kumsikia mtu akisema "anaamka akaoga".

#9 Chaki Nyeupe
Mwana wa Pangani, umenigusa. Kwa mdomo kweli walikuwa wanatumia "aka", sikulitilia maanani. Ilikuwa "akaoga, akalia, mama yake akamchapa". Kwenye daftari yote imepotea.

#10 Gredi ya Pili
Salamu kutoka Thika. Sikubaliani na #8. Sisi tangu mtaala wa umilisi uanze madarasa ya chini mwaka 2019, mtoto anapimwa kwa kile kinachoonekana kwenye karatasi. Nikitaka kujua kama ameelewa mfuatano, nataka kuona neno la mfuatano. Mtoto anaweza kuweka "ka" kwa mazoea tu na picha amezipanga ovyo.

#11 Mwana wa Pangani
Na "halafu" hawezi kuiweka kwa mazoea? Tazama daftari la #1: "alafu" mara tatu. Hayo si mazoea?

#12 Mama Tumaini
Mimi ni mzazi tu. Mwanangu alirudi na alama ya kosa kwa sababu aliweka picha ya chai kabla ya kuoga. Mwalimu kaandika "panga tena". Tunaishi Njombe. Mwezi wa sita huku mtoto asubuhi anakunywa kwanza kitu cha moto, halafu ananawa uso na miguu, anapakwa mafuta, anavaa sweta. Kuoga ni jioni jua likiwepo. Sasa nani kakosea hapo?

#13 Penseli Butu
Mama Tumaini, mtoto anafuata picha, hafuati nyumbani kwenu. Utaratibu unaojulikana ni kuoga, mswaki, chai.

#14 Dereva wa Noah
Unaojulikana na nani? Mimi mswaki napiga baada ya chai. Kuna wanaopiga kabla. Kuna wasiopiga kabisa, tunapanda nao gari moja.

#15 Kalamu ya Mwanzi
Mama Tumaini yuko sahihi, na hapa ndipo kazi nyingi za picha zinapoharibika. Katika asubuhi ya mtoto kuna mambo ambayo hayawezi kupinduliwa na mambo ya desturi ya nyumba. Huwezi kuoga ukiwa umeshavaa sare, wala kufunga kamba za viatu kabla ya soksi. Lakini chai na mswaki, chai na kuoga, kufagia uwanja na kuchota maji, kila nyumba ina lake. Mwenye kuswali alfajiri anaanza na udhu.

Kwa hiyo picha yenyewe lazima ibebe ushahidi. Ukitaka kuoga kuje kabla ya chai, mchore huyo anayekunywa chai akiwa ameshavaa sare, taulo limeanikwa kwenye kamba nyuma yake. Hapo mtoto ana kitu cha kushika anapojitetea. Bila ushahidi, hilo si swali la mfuatano, ni swali la "kwa mwalimu wanaoga saa ngapi".

Na mtoto akipanga tofauti, kabla ya kumwekea kosa muulize kwa nini. Akisema "kwa sababu kwetu ni baridi", amekupa sababu. Hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

#16 Mtoto wa Mji Mkongwe
Assalaam alaykum. Hapa Unguja nina jambo jengine. Nilipanga kadi nne mstari mmoja mezani, mtoto akaniambia mwanafunzi anatoka skuli, anakunywa chai, anaoga, analala. Nikadhani haelewi. Kumbe ameanza kulia! Anakwenda chuoni kila siku kusoma Kurani, macho yake yameshazoea kuanza kulia kwenda kushoto. Habari yake ilikuwa sawasawa kabisa, ila ameisoma kwa njia ya chuoni.

Tangu hapo naweka mshale mdogo, au nambari kwenye pembe ya kila picha.

#17 Gredi ya Pili
#16, hiyo kali. Kwetu tatizo linakuja picha zikiwa mbili juu na mbili chini. Wengine wanasoma kwenda chini, hivyo ya tatu inakuwa ya pili. Lakini ukiweka nambari, si umeshampa jibu?

#18 Mtoto wa Mji Mkongwe
Inategemea unapima nini. Nikitaka kupanga, natoa kadi bila ya nambari. Nikitaka kuandika, kadi zimeshapangwa na nambari zipo. Mambo mawili kwa pamoja ni mzigo kwa mtoto ambaye bado anatafuta herufi.

#19 Kalamu ya Mwanzi
Naunga mkono #18 kwa mikono miwili. Angalieni tena ile kazi ya #1: "kwaza", "anaeda", "anakuya". Kila mahali ambapo n inatangulia konsonanti nyingine, n imepotea. Hilo ni la kawaida mno kwa mwandishi mchanga, kwa sababu katika "nz" na "nd" masikio yake yanakamata sauti moja tu. Lakini maana yake ni kwamba kila neno analiandika kwa jasho. Akimaliza "anaeda" ameshasahau alikuwa anaelekea wapi. Ndiyo maana "alafu" inarudi: ni neno fupi, analiweza, linampa pumzi wakati anafikiria linalofuata.

#20 Penseli Butu
Hiyo "alafu" hata watu wazima humu wanaandika. Tusiwaonee watoto.

#21 Mama Tumaini
Kweli. Nikitumiwa ujumbe na wifi yangu naisoma mara kumi.

#22 Bibi Shamba
Mimi nauliza, huyo mtoto wa picha ni wa kiume au wa kike? Maana aliyelala amevaa fulana, anayeoga hana nguo, anayekwenda shule ana sare. Mimi nilidhani ni watoto tofauti.

#23 Dereva wa Noah
Bibi amerudi na swali la maana kuliko sisi sote.

#24 Kalamu ya Mwanzi
Tena la maana sana. Asubuhi ndiyo hadithi mbaya kuliko zote kwa jambo hilo, kwa sababu mhusika anabadilisha nguo katikati. Na watoto wetu wa shule wamenyolewa, vipara vyote vinafanana. Mtoto mdogo akiona nguo tofauti anaona mtu tofauti, ndipo anaandika "mtoto" upya kila mstari. Mwekee huyo mhusika alama isiyovuliwa, plasta kwenye paji la uso kwa mfano, iwepo picha zote nne mahali palepale. Na umpe jina. Akishakuwa Juma, mstari wa pili hauhitaji tena kusema ni nani.

#25 Mama Muskati
Niko Oman, watoto wanasoma Kiarabu na Kiingereza shuleni, Kiswahili nawafundisha mwenyewe. Kuchora siwezi, kwa hiyo nilimpiga picha binti yangu kwa simu asubuhi nzima, nikazichapisha. Swali la huyu ni nani halikuwepo. Nilipomwambia asimulie akaanza: "Kwanza mama anapiga kelele." Picha hiyo sikuipiga mimi!

#26 Dereva wa Noah
Hiyo ndiyo picha ya kwanza katika kila nyumba.

#27 Saa ya Ukutani
Mbona hakuna aliyesema saa? Chora saa ya mishale kwenye kila picha. Anaamka mshale mfupi uko kwenye 6, anakunywa chai uko mbele kidogo, anakwenda shule uko kwenye 7. Mfuatano umejionyesha wenyewe, hakuna ubishi wa Njombe na Dar.

#28 Gredi ya Pili
Mshale kwenye 6 mtoto anasema saa ngapi? Saa 12. Nambari iliyoandikwa ni nyingine na inayotamkwa ni nyingine. Kwa mtoto wa miaka saba umeongeza somo la tatu juu ya yale mawili.

#29 Saa ya Ukutani
Basi chora jua likipanda dirishani.

#30 Mwana wa Pangani
Jua ni sawa, nalikubali.

#31 Chaki Nyeupe
Wakuu, ahsanteni. Nimejaribu. Nimechora upya: mtoto ni Juma, ana plasta kwenye paji. Anayekunywa chai ameshavaa sare, taulo liko kwenye kamba. Jua dirishani linapanda. Nimewaambia, "Hii ni asubuhi ya Juma ya jana." Tumesimulia wawili wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Halafu nikaigeuza manila ikatazama ukuta, wakaandika bila kuiona. Niliacha maneno matatu ubaoni lakini sikuwalazimisha kuyatumia.

Huyu ni mtoto yuleyule wa #1:

jana Juma aliamuka. akaoga maji ya baridi akalia. akanywa chai na muhogo akaeda shule

Hakuna "kwanza" wala "mwisho" hata moja. Sasa sijui nifurahi au nilie na Juma.

#32 Mwana wa Pangani
Furahi! Maji ya baridi, kulia, muhogo: hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye picha zako. Amesimulia.

#33 Penseli Butu
Somo lilikuwa kutumia kwanza, kisha, mwisho. Hakutumia. Kwa hiyo somo halijafikiwa, tusidanganyane. Akija mkaguzi utamwonyesha nini, muhogo?

#34 Gredi ya Pili
Kwangu ningemwandikia "kukaribia matarajio". Mfuatano upo, neno la kuuonyesha halipo. Lakini nakiri hii kazi ningeisoma tena, ile ya kwanza nisingerudia.

#35 Kalamu ya Mwanzi
Penseli Butu hajakosea kuhusu lengo la somo. Swali langu ni kama lengo liliwekwa kwenye habari inayofaa. Katika kusimulia jambo lililopita, "ka" inafanya kazi na maneno haya yanabaki pambo. Yanakuwa ya lazima pale ambapo "ka" kwa kawaida haiingii, yaani kwenye mazoea na kwenye maelekezo. "Kila siku Juma huamka, huoga, hunywa chai": hapo hakuna kinachoonyesha lipi lilitangulia, hiyo inaweza kuwa orodha tu. Weka "kwanza huamka, kisha huoga" ndipo mfuatano unatokea. Vivyo hivyo kumweleza mtu namna ya kupiga mswaki: kwanza weka dawa, kisha sugua meno, mwisho sukutua.

Kwa hiyo Chaki Nyeupe, mimi ningegawa mara mbili. "Jana ya Juma" waachie "ka". Siku nyingine watoe maelekezo ya picha tatu: kuvaa soksi, kuvaa kiatu, kufunga kamba. Picha tatu, maneno matatu, na hakuna nyumba wanayovaa kiatu kabla ya soksi.

#36 Gredi ya Pili
Mwalimu, kwa heshima, hapo umepunguza mno. Nikisimulia "Kwanza Juma aliamka, kisha akaoga" nimekosea nini? Vitabu vimejaa sentensi hizo. Watoto watakutana nazo kwenye kusoma, kwa nini wasiziandike?

#37 Kalamu ya Mwanzi
Hujakosea kitu. Nasema tu mtoto haoni sababu ya kuziweka, na asichoona sababu yake atakiweka popote, hata chini kabisa na kukipigia mstari.

#38 Mtoto wa Mji Mkongwe
Mimi nafanya katikati. Nawaachia waandike kwa "ka", tukimaliza namwambia kila mtoto achague pahala pamoja tu pa kutia "kisha" au "mwisho". Wengi wanatia "mwisho" kabla ya "akaenda skuli", na ndipo panapofaa.

#39 Penseli Butu
Hilo naweza kulikubali. La kuacha wazi bado nakataa.

#40 Bibi Shamba
Juma analia kwa nini kama maji ni ya baridi? Wamchemshie.

#41 Dereva wa Noah
Bibi, kuni zimepanda bei.

#42 Mwalimu wa Zamu
Nimesoma wote kimya. Darasa langu manila moja haitoshi, walio nyuma hawaoni plasta wala taulo. Nani ana njia rahisi ya kutengeneza kadi nyingi?

#43 Mtoto wa Mji Mkongwe
Maboksi ya biskuti dukani, omba bure. Kata vipande vya ukubwa wa daftari, chora upande wa ndani kwa maka peni. Seti moja kwa watoto sita inatosha. Ukichora kwenye karatasi, bandika juu ya boksi kwa gundi ya unga wa muhogo, lakini iache ikauke kabisa kabla ya kupanga kadi kabatini, la sivyo zinaota ukungu. Na chora plasta kubwa kuliko unavyodhani inahitajika.

#44 Mwalimu wa Zamu
Shukrani. Kamba na vibanio vya nguo vinafaa? Nataka wazitundike kwa zamu mbele ya darasa.

#45 Mtoto wa Mji Mkongwe
Vinafaa, ila funga kamba kimo chao, sio chako. Na hesabu vibanio kabla ya kengele, vinapenda kwenda nyumbani.